Namba moja na namba kumi: milioni ileile, thamani mbili

Chukulia wanawake kumi wenye meza za mitumba katika soko la Karume, Dar es Salaam, wanaanza mchezo wa fedha. Kila tarehe mosi kila mmoja anampa kijumbe shilingi 100,000, na siku hiyohiyo milioni nzima anakabidhiwa mmoja wao. Mwezi unaofuata anapokea mwingine, na kuendelea, kuanzia Januari hadi Oktoba. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna ada. Mzunguko ukiisha, kila mmoja ametoa milioni moja na kila mmoja amepokea milioni moja. Kwenye daftari la kijumbe hesabu inafunga, hakuna anayemdai mwenzake hata senti.

Kama kweli wote wamepata sawa, mbona siku ya kupanga namba huwa na kelele? Namba moja na namba mbili hugombewa. Namba tisa na kumi huangukia kwa mpole, kwa mgeni, au kwa yule ambaye siku hiyo hakuwepo. Vikundi vingine hukata mzizi wa fitina kwa kuokota vikaratasi. Vingine humwachia kijumbe namba moja, nayo ikahesabiwa kuwa ujira wake wa kukusanya na kufuatilia. Yaani kijumbe analipwa mshahara ambao haukutoka mfukoni mwa yeyote, na kila mtu anakubali kwamba amelipwa.

Mshahara huo umetoka kwenye muda. Wachezaji wa mchezo wanajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba milioni ya Januari ni kubwa kuliko milioni ya Oktoba. Wasichokuwa nacho ni hesabu ya kuonyesha inazidi kwa kiasi gani, na hesabu hiyo si ngumu. Inahitaji simu yenye kikokotoo na dakika chache za utulivu.

Sababu tatu, na ya kwanza si kubwa

Ukimuuliza mtu kwa nini shilingi ya leo inazidi ya mwakani, atakujibu kwamba vitu vinapanda bei. Amesema kweli, ila amesema kidogo. Benki Kuu ya Tanzania imejiwekea lengo la kuweka mfumuko wa bei kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, na miaka ya karibuni umekaa katika eneo hilo. Kwa mfumuko wa asilimia 4, kapu la bidhaa linalonunuliwa leo kwa shilingi 100,000 litahitaji shilingi 104,000 mwakani. Hilo ni pengo, lakini ni dogo mno kueleza ugomvi wa namba moja. Kwa miezi tisa ya kusubiri, mfumuko huo ungepunguza nguvu ya milioni kwa takriban shilingi 30,000 tu.

Sababu ya pili ina uzito zaidi: fedha iliyo mkononi inaweza kutumwa kazi. Muuza mitumba anayepokea milioni Januari anafungua robota, anauza, anarudi kununua jingine. Kufika Oktoba ile milioni imezunguka mara kadhaa, na kila mzunguko umeacha faida. Hata asiye na biashara anaweza kuipeleka mahali inapozaa, au kulipa deni linalomla riba. Jambo hili lingebaki kuwa kweli hata katika nchi ambayo bei hazipandi kabisa. Mwenye fedha leo anaweza kuitumia leo au kuitunza hadi mwakani, hiari ni yake. Anayeahidiwa fedha ya mwakani hana hiari hiyo.

Sababu ya tatu ni kwamba fedha ya mwakani, hadi ifike, ni ahadi. Mdaiwa anaweza kuugua, kuhama, kufilisika au kukana. Fedha iliyokwisha kupokelewa haina wasiwasi huo.

Mtu anapotaja riba, katika namba ile moja amezifunga sababu zote tatu: fidia ya bei kupanda, malipo ya kusubiri, na tahadhari dhidi ya ahadi kuvunjika. Ndiyo maana riba hutofautiana sana kati ya mkopaji na mkopaji, ingawa bei za sokoni zinapanda kwa wote sawasawa.

Mahali ambapo mwakani huuzwa waziwazi

Ipo sehemu moja ambapo bei ya shilingi ya mwakani haifichwi hata kidogo, nayo ni mnada wa dhamana za serikali za muda mfupi. Benki Kuu huziuza kwa niaba ya serikali kwa muda wa siku 35, 91, 182 au 364. Anayenunua halipwi riba ya kila mwezi. Anachopata ni ahadi ya kiasi kamili siku ya mwisho, na anailipia ahadi hiyo chini ya kiasi hicho leo.

Tuseme serikali inaahidi kulipa shilingi 1,000,000 baada ya siku 364, na riba iliyopatikana mnadani ni asilimia 6 kwa mwaka. Mnunuzi atalipa takriban shilingi 943,500. Atakaa na hati yake, na muda ukifika atapokea milioni kamili. Ile tofauti ya shilingi 56,500 ndiyo bei ya kusubiri.

Angalia kilichotokea hapo. Ahadi ni ya serikali, inayochukuliwa kuwa mdaiwa salama kuliko wote kwa shilingi ya nchi yake. Hata hivyo hakuna anayekubali kutoa milioni leo ili arudishiwe milioni ileile mwakani. Kama serikali hailazimishi mtu kuhesabu shilingi ya mwakani sawa na ya leo, hakuna sababu mchezo wa sokoni uhesabu hivyo.

Njia ya kupata bei hiyo ni kugawanya. Ukiweka shilingi 100 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, baada ya mwezi utakuwa na 101. Ukiiacha ikae, mwezi wa pili riba itahesabiwa juu ya 101, nawe utakuwa na 102.01. Kwenda mbele unazidisha kwa 1.01 kila mwezi. Basi kurudi nyuma, kutoka fedha ya baadaye hadi thamani yake ya leo, unagawanya kwa 1.01 kila mwezi. Kwa maandishi ya hesabu:

```
thamani ya leo = kiasi / (1 + riba)^miezi
```

Riba hapo huandikwa kwa desimali, yaani asilimia 1 ni 0.01. Jambo moja la kuchunga: riba na muda viwe vya kipimo kimoja. Riba ya mwezi iende na miezi, riba ya mwaka iende na miaka. Na usidhani asilimia 1 kwa mwezi ni asilimia 12 kwa mwaka. Kwa kuwa riba huzaa riba, kwa mwaka inafika karibu asilimia 12.7.

Tuufungue mchezo

Sasa turudi Karume na kikokotoo mkononi. Tuchague riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ni riba ya wastani, juu ya mfano wetu wa dhamana ya serikali na chini ya ile ambayo benki za Tanzania huwatoza wakopaji wengi. Swali ni hili: ukisimama tarehe mosi Januari, kabla mtu yeyote hajatoa kitu, mchezo huu una thamani gani kwa kila namba?

Tuanze na wanachotoa, kwa sababu hicho ni kimoja kwa wote. Shilingi 100,000 ya Januari ina thamani ya 100,000, maana inatolewa leo. Ile ya Februari, ikigawanywa mara moja kwa 1.01, inakuwa 99,010. Ya Machi, ikigawanywa mara mbili, inakuwa 98,030. Zinaendelea kushuka hivyo hadi ya Oktoba, ambayo ni 91,434. Zijumlishe zote kumi, utapata shilingi 956,602. Hivyo, kwa thamani ya leo, mchezo unamgharimu kila mmoja shilingi 956,602, ingawa mdomoni tunasema milioni.

Sasa wanachopokea. Namba moja anapokea milioni yake Januari, hakuna cha kugawanya. Ukitoa gharama ya 956,602, anabaki na faida ya shilingi 43,398. Namba kumi anapokea milioni yake miezi tisa baadaye. Igawanye kwa 1.01 mara tisa, inabaki shilingi 914,340. Ukilinganisha na kile anachotoa, ana upungufu wa shilingi 42,262.

Kati ya wanawake wawili waliotoa kiasi kilekile na kupokea kiasi kilekile, limekaa pengo la shilingi 85,660. Ni karibu mchango wa mwezi mzima. Kwenye daftari la kijumbe pengo hilo halina mstari wake, kwa sababu daftari linaandika kiasi bila kuuliza ni lini.

Na hao wa katikati? Namba tano anabaki na faida ndogo ya shilingi 4,378, na namba sita ana upungufu wa shilingi 5,136. Mpaka umepita katikati yao. Kwa lugha nyingine, watano wa mwanzo wamekopeshwa na watano wa mwisho, mkopo usio na riba, bila neno mkopo kutamkwa hata mara moja. Hapo ndipo ulipotoka mshahara wa kijumbe: amelipwa na wenye namba za nyuma.

Kila mtu na riba yake

Hesabu yote hiyo imesimama juu ya asilimia 1, na hapo msomaji makini atauliza imetoka wapi. Anayo haki. Riba ya kutumia haiandikwi mbinguni. Ni ile ambayo wewe mwenyewe ungeipata, au ungeilipa, kama mchezo usingekuwepo.

Mwanamke mwenye akiba benki isiyozaa chochote cha maana ana riba ndogo, na kwake kusubiri hakuumi sana. Mwenzake ambaye, asipopata fedha mchezoni, atakwenda kwa mkopeshaji, ana riba kubwa. Nchini Tanzania kanuni za Benki Kuu zimewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na wale wa mtaani wanaoitwa kausha damu huvuka hapo bila haya. Tukirudia hesabu yetu kwa asilimia 3.5, faida ya namba moja inaruka hadi shilingi 139,231, na upungufu wa namba kumi unafika shilingi 127,038. Mchezo ni uleule, wachezaji ni walewale. Kilichobadilika ni hali ya anayesubiri.

Tofauti hii ya riba kati ya mtu na mtu ndiyo inayozaa biashara ya kubadilishana namba. Tuseme mwishoni mwa Januari mtoto wa mwenye namba saba amepata nafasi ya chuo na ada inatakiwa haraka. Anamfuata mwenye namba mbili.

"Dada, niachie namba yako ya Februari, mimi nina shida. Wewe uchukue yangu ya Julai."

"Nikuachie bure? Na mimi nilikuwa na mpango wangu."

Kati ya Februari na Julai kuna miezi mitano. Kwa mwenye namba mbili, ambaye riba yake ni asilimia 1, milioni ya Julai ikirudishwa Februari ina thamani ya shilingi 951,466. Akipewa chochote kinachozidi shilingi 48,534, hajapoteza. Mwenye namba saba, ambaye njia yake nyingine ni mkopo wa asilimia 3.5, anaiona milioni ya Julai kuwa sawa na shilingi 841,973 tu za Februari. Kwake, kuipata mapema kunastahili hadi shilingi 158,027. Wakikubaliana shilingi 90,000, wote wawili wameondoka na nafuu. Hakuna aliyedanganywa. Muda umehama kutoka kwa asiyeuhitaji sana kwenda kwa anayeuhitaji mno, na umelipiwa.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika masoko ya pwani, hapa pana swali la kweli. Mchezo wenyewe kama ulivyo, kila mtu kutoa na kupokea kiasi kilekile, wanazuoni wengi wanaukubali. Lakini shilingi 90,000 zinazolipwa ili milioni ya fedha ibadilishwe na milioni ya fedha ya baadaye zinaangukia kwenye riba iliyokatazwa. Fikihi haikatai kwamba muda una thamani. Wanazuoni walio wengi wanaruhusu bidhaa kuuzwa kwa bei ya juu zaidi ikiwa malipo ni ya baadaye, mradi bei iwe moja, ijulikane na kukubaliwa mwanzoni. Huo ndio msingi wa mauzo ya murabaha yanayofanywa na benki za Kiislamu, kama Amana Bank iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2011. Benki hununua bidhaa, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida, alipe polepole. Kinachokatazwa ni muda kuuzwa peke yake, fedha kwa fedha. Kwa hiyo katika kikundi chenye Waislamu, njia ya kubadilishana namba ni hisani, au zamu za kupokezana, wala si malipo.

Je, namba kumi ni mjinga?

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kuamua kwamba asiyepata namba za mwanzo ni bora ajitoe. Asiharakishe. Mwaka 1993 wanauchumi watatu, Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury, walichapisha utafiti kuhusu michezo ya aina hii, inayochezwa katika nchi nyingi duniani. Hoja yao kuu ni nyepesi na inamtetea mwenye namba kumi kwa kiasi fulani.

Fikiria kila mmoja wa wanawake wetu angeweka akiba peke yake, shilingi 100,000 kila mwezi kwenye kopo la nyumbani. Milioni ingetimia lini? Tarehe mosi Oktoba, kwa wote kumi. Katika mchezo, namba kumi anapokea tarehe mosi Oktoba. Hajachelewa hata siku moja kuliko ambavyo angechelewa akiwa peke yake. Wengine tisa wote wamewahi. Kama lengo ni kununua cherehani au friji ya biashara, kitu ambacho hakinunuliki nusu, basi kikundi kimewawahisha tisa na hakijamchelewesha wa kumi.

Upungufu wake wa shilingi 42,262 ni wa kweli ikiwa tu angeweza kuipeleka ile laki moja ya kila mwezi mahali inapozaa asilimia 1, na kweli angeipeleka. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Fedha inayokaa kwenye kopo la nyumbani ina wageni wengi: ada ya ghafla, msiba, shemeji aliyekwama safarini. Aliyeweka laki moja mara kumi kwenye kopo, akakuta Oktoba kuna laki sita, amepoteza zaidi ya namba kumi yeyote. Watu wengi hucheza mchezo kwa sababu hiyohiyo. Kijumbe akija hupisha, na fedha aliyochukua hamna atakayekuja kuiomba. Kwa mtu wa namna hiyo, namba ya mwisho ni akiba yenye mlinzi, na upungufu ule ni ada ya ulinzi. Lakini mwenye nidhamu na mahali pa kuweka fedha yake panapozaa, namba za mwisho zinamla. Ajue hivyo anapokubali.

Hatari inavyoivuruga hesabu

Hadi sasa tumedhani kila mtu atatoa hadi mwisho. Wanaocheza wanajua si hivyo siku zote. Aliyekwisha kupokea ana kishawishi ambacho asiyepokea hana, na kila mwaka vikundi huvunjika kwa mtu kukimbia mchezo.

Tuseme namba mbili anapokea milioni yake Februari, kisha kuanzia Machi simu haipatikani. Wanaobaki wanaendelea kutoa, lakini sasa kila anayepokea anapata shilingi 900,000. Namba tatu, ambaye alikuwa upande wa wanaofaidi, sasa anapokea kitu ambacho kwa thamani ya Januari ni shilingi 882,266. Ukitoa kile anachochangia, ana upungufu wa shilingi 74,336. Namba kumi, ambaye milioni yake imekuwa laki tisa na bado inasubiri hadi Oktoba, upungufu wake umefika shilingi 133,696. Namba moja hajaguswa. Faida yake ya shilingi 43,398 iko palepale.

Linganisha namba hizo na za mwanzo utaona jambo. Kuchelewa peke yake kulimgharimu namba kumi kama shilingi 42,000. Mkimbiaji mmoja ameongeza shilingi 91,000 juu yake. Katika mchezo wa miezi kumi, hatari ina uzito kuliko muda wenyewe, na kuliko kupanda kwa bei kwa mbali. Mtu anayehangaikia namba wakati hajauliza wenzake ni akina nani, ameshika dogo akaacha kubwa.

Wajumbe wenye uzoefu wanalijua hili na wana dawa yake. Mgeni asiyefahamika hupewa namba ya mwisho, ili afike zamu yake akiwa tayari ametoa mara tisa. Mwenye meza ya kudumu na ndugu wanaojulikana anaweza kupewa ya mwanzo. Wanachofanya ni kilekile anachofanya ofisa mikopo wa benki anapoangalia historia ya mteja. Tofauti ni kwamba benki huongeza riba, na kijumbe huongeza muda wa kusubiri.

Ikiwa unaogopa kikundi chako, ongeza riba unayoitumia katika hesabu. Kama kwa asilimia 1 unaona namba nane inakufaa, jaribu tena kwa asilimia 3. Kama bado inakufaa, cheza. Kama haikufai, umejua kinachokuzuia ni kutowaamini wenzako, na hilo halitatuliwi kwa kubadilisha namba.

Kugeuza mzunguko

Vikundi vingi hutafuta haki kwa kugeuza: mzunguko wa pili namba kumi anakuwa namba moja, na namba moja anarudi kumi. Ni utaratibu mzuri, na pasipo malipo ya fedha kwa fedha hauna tatizo la dini. Tuupime kwa kipimo kilekile cha asilimia 1.

Aliyekuwa wa mwisho alipungukiwa shilingi 42,262. Mzunguko wa pili unaanza miezi kumi baadaye, Novemba, na yeye sasa ni namba moja mwenye faida ya shilingi 43,398. Lakini faida hiyo ni ya Novemba. Ukiirudisha Januari, yaani kuigawanya kwa 1.01 mara kumi, inakuwa shilingi 39,288. Bado anadai shilingi 2,974. Aliyeanza wa kwanza amefaidi shilingi 43,398, na upungufu wake wa mzunguko wa pili, ukirudishwa Januari, ni shilingi 38,259. Amebaki na shilingi 5,139 mkononi. Hata fidia, ikichelewa, haifikii kile ilichokuja kufidia. Ila pengo la shilingi 85,660 limeshuka hadi kama shilingi 8,100, na kwa majirani wa soko moja hiyo ni haki ya kutosha.

Kwa hiyo kikundi chenu kinapokaa kupanga, andikeni mambo mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kwamba mzunguko wa pili utageuzwa, na kwamba anayepokea mwezi fulani anadaiwa miezi iliyobaki, jina na sahihi yake mbele ya mashahidi wawili. Hilo la kwanza linashughulikia muda, la pili linashughulikia hatari. Kijumbe akikataa yote mawili huku akitaka namba moja iwe yake kila mzunguko, mwambieni basi ataje ujira wake kwa shilingi, mlinganishe na 43,398.